Kugawanya Bili si Kugawana Bili

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo aghalabu huchukuliwa kana kwamba ni kimoja: kugawanya na kugawana. Vyote viwili vimechipuka kutokana na kitenzi gawa, na vyote vimebeba kiambishi -an-, kile kinachoashiria kwamba jambo linatendeka baina ya wawili au zaidi. Hata hivyo matumizi yamevitenga. Kugawanya ndicho kitenzi cha ubao wa hesabu: ishirini gawanya kwa tano, jibu ni nne, na namba haziulizi nani alikula nini. Kugawana ni tendo la watu walioketi pamoja, kila mmoja akitazama fungu lake na la mwenzake na kuridhika kwamba hakudhulumu wala hakudhulumiwa.

Tofauti hii, ambayo darasani huonekana kuwa ya wanasarufi peke yao, hudhihirika mara mhudumu wa hoteli anapoleta bili mezani. Mtu mmoja huitwaa, huitazama jumla iliyo chini kabisa, kisha hutamka maneno ambayo sote tumeyasikia: "Tugawanye sawa." Wenziwe huitikia: "Sawa." Neno hili sawa, tulilolipokea kutoka Kiarabu, limebeba mizigo miwili. Lina maana ya kulingana, na lina maana ya kukubali kwamba jambo ni jema. Anayependekeza amekusudia maana ya kwanza. Anayeitikia amelazimika kutumia ya pili. Na yule aliyekunywa chai peke yake atapinga kwa neno gani, ilhali neno lenyewe limekwisha kumwambia kwamba yaliyolingana ndiyo yaliyo mema?

Nakusudia kuonyesha leo kwamba kulingana si haki katika jambo hili, na kwamba haki yenyewe haihitaji hesabu nzito. Inahitaji tu tuisome bili kwa utaratibu, tukijua kwamba ndani yake mna vitu vya aina tatu, na kila aina ina kanuni yake ya kugawana.

Tuchukue mfano wa meza moja. Walimu watano wametoka katika warsha ya siku nzima na wameingia katika hoteli ya nyama choma. Yupo mwalimu mkuu, yupo mwalimu wa historia, yupo wa hisabati, yupo wa Kiswahili, na wa tano ni mwanagenzi, yaani mwanafunzi wa chuo kikuu aliye katika mazoezi ya kufundisha, ambaye kama tujuavyo hapokei mshahara. Sahani ya bhajia ya shilingi 400 inaletwa kwanza, nao wote watano wanaila. Kisha unaletwa ubao wa nyama ya mbuzi, kilo moja na nusu, kwa shilingi 1,800; hiyo inaliwa na watatu, yaani mwalimu mkuu, wa historia na wa hisabati. Mwalimu wa Kiswahili haili nyama, naye ameagiza samaki wa shilingi 900. Ugali na sukuma wiki vya shilingi 400 vinaliwa na hao wanne. Mwanagenzi, kwa kuujua mfuko wake, ameagiza chai na chapati mbili kwa shilingi 200.

Vinywaji navyo havikulingana. Mwalimu mkuu amekunywa bia tatu kwa shilingi 1,050, na wa historia mbili kwa shilingi 700. Wa hisabati amekunywa soda mbili kwa shilingi 200, na wa Kiswahili maji ya matunda kwa shilingi 250. Jumla ya bili ni shilingi 5,900. Wanakubaliana kumwachia mhudumu bakshishi ya asilimia 10, yaani shilingi 590, kwa hiyo fedha zinazotakiwa mezani ni shilingi 6,490. Wakigawanya kwa watano, kila mmoja atatoa shilingi 1,298.

Tuiache hiyo 1,298 kando kwa muda, tuisome bili upya.

Aina ya kwanza ya vitu vilivyomo ni vile vya mtu binafsi: bia, soda, samaki, chai. Kanuni yake haina utata. Aliyekula ndiye mwenye deni. Aina ya pili ni vyakula vya shirika, navyo ndivyo vinavyowababaisha wengi. Kosa linalotendeka ni kuvijumlisha vyote pamoja na kuvigawanya kwa idadi ya watu walioketi. La hasha! Kila sahani ya shirika ina washirika wake, na hugawanywa kwa idadi ya hao tu. Bhajia iliyoliwa na watano hugawanywa kwa watano, shilingi 80 kila mmoja. Ugali na mboga hugawanywa kwa wanne, shilingi 100 kila mmoja. Nyama hugawanywa kwa watatu, shilingi 600 kila mmoja. Aliyetazama ubao wa nyama ukipita mbele yake hakuula.

Msomaji anaweza kuuliza: na je, wale watatu walikula vipande sawa? Yumkini hawakula. Lakini hakuna mizani mezani, na mtu anayehesabu mifupa ya mwenzake amekwisha kuuvunja ushirika ambao ndio uliowafanya waagize ubao mmoja badala ya sahani tatu. Kwa hiyo ndani ya sahani moja ya shirika tunakubali kulingana, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na ruhusa ya kula kadiri apendavyo. Hapa usawa na haki hukutana. Na aliyeonja kipande kimoja kwa kukaribishwa hahesabiwi kuwa mshirika, huyo alikirimiwa.

Kanuni hii ya kugawanya kila gharama kwa watumiaji wake peke yao si mazoea ya mezani tu. Mwanahisabati Lloyd Shapley alichapisha mwaka 1953 njia ya kumpimia kila mshirika fungu lake kwa kutazama kile anachokiongeza yeye anapojiunga na wenziwe, mpangilio baada ya mpangilio, kisha kutafuta wastani. Ukiitumia njia hiyo katika gharama za namna hii, ambapo sahani huagizwa mara moja na bei yake haibadiliki wakiongezeka walaji, jibu linalopatikana ndilo hilo hilo: kila sahani kwa walaji wake, kwa mafungu sawa.

Sasa tujumlishe. Mwalimu mkuu ana bia 1,050, nyama 600, ugali 100 na bhajia 80, jumla 1,830. Mwalimu wa historia ana 700 za bia na 780 za shirika, jumla 1,480. Wa hisabati ana 200 za soda na 780 za shirika, jumla 980. Wa Kiswahili ana samaki na kinywaji kwa 1,150, pamoja na ugali na bhajia kwa 180, jumla 1,330. Mwanagenzi ana chai na chapati kwa 200, na bhajia kwa 80, jumla 280.

Kabla ya kuigusa bakshishi, hapana budi tuzijumlishe hesabu hizi tano na kuzilinganisha na bili. Zinaleta 5,900 kamili. Hatua hii haipasi kurukwa, maana ndiyo inayofichua makosa. Jumla ya watu ikipungua kuliko bili, kuna kitu ambacho hakuna aliyekidai kuwa chake, na mara nyingi kitu hicho ni cha shirika: chupa ya maji, kachumbari, au sahani iliyoletwa mapema ikasahauliwa. Jumla ikizidi bili, kuna kitu kilichohesabiwa mara mbili, au kuna sahani ambayo mhudumu hakuiandika.

Mtego mwingine umo katika sehemu ya chini ya risiti. Risiti ya bili hii yaweza kuonyesha mistari mitatu: shilingi 5,000, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 ambayo ni shilingi 800, kisha tozo ya utalii ya asilimia 2 ambayo ni shilingi 100. Mtu mwenye haraka huchukua 5,900 na kuongeza 900 juu yake, akawaambia wenziwe kwamba deni ni 6,800. Katika hoteli nyingi za Kenya bei iliyoandikwa kwenye orodha ya vyakula imekwisha kubeba kodi ndani yake. Risiti inaifafanua tu, haiidai mara ya pili. Njia ya kutambua ni nyepesi: jumlisha bei za vyakula kama zilivyo katika orodha. Zikilingana na jumla ya mwisho, kodi imo ndani. Zikiwa chini yake, kodi imeongezwa juu, na itafuata kanuni ya aina ya tatu ambayo sasa naijia.

Aina ya tatu ni vitu visivyoliwa na mtu yeyote, bali vinavyoifuata bili kama kivuli kinavyoufuata mwili. Bakshishi ni mojawapo. Ada ya huduma, pale inapotozwa, ni nyingine. Na ikiwa hoteli imekwisha kuandika ada ya huduma ndani ya bili, bakshishi ya pili ni hiari tupu na hakuna mwenye haki ya kumlazimisha mwenzake.

Swali ni hili: zile shilingi 590 zigawanywe vipi? Wapo watakaosema zigawanywe kwa watano, shilingi 118 kila mtu, kwa hoja kwamba mhudumu mmoja aliwahudumia wote. Hoja hii inavutia, lakini tazama inakotupeleka. Mwanagenzi aliyekula vitu vya shilingi 280 atatoa bakshishi ya 118, ambayo ni asilimia 42 ya chakula chake. Mwalimu mkuu aliyekula vya 1,830 atatoa kiasi hicho hicho, ambacho hakifiki asilimia 7. Na hali meza ilikubaliana asilimia 10! Kiasi hicho cha 590 kilizaliwa na bei za vyakula. Bia tatu za mwalimu mkuu ndizo zilizoiinua bakshishi, si chai ya mwanagenzi. Kwa hiyo kitu kilichopimwa kwa asilimia kigawanywe kwa asilimia.

Hesabu yenyewe ni rahisi mno. Kila mmoja aongeze sehemu moja ya kumi juu ya jumla yake. Mwalimu mkuu atatoa 2,013. Wa historia 1,628. Wa hisabati 1,078. Wa Kiswahili 1,463. Na mwanagenzi 308. Jumla ni 6,490, bila kupungua wala kuzidi. Na kama meza haikutaja asilimia bali imeamua kuacha fedha fulani, tuseme 6,500 zote pamoja, gawanya 6,500 kwa 5,900, kisha zidisha jumla ya kila mtu kwa jibu hilo.

Lakini wasomaji wasinielewe visivyo. Neno bakshishi lina asili ya Kiajemi na maana yake ni zawadi. Ikiwa watu hawakukubaliana kiasi, na kila mmoja anaacha chake kwa hiari, basi hapo hakuna cha kugawana. Zawadi haina uwiano. Kanuni ya uwiano inahusu bakshishi ambayo meza imeitoa kwa kauli moja.

Sasa tuirejee ile 1,298 tuliyoiacha kando, tuone ingefanya nini. Mwalimu mkuu angeokoa shilingi 715, wa historia 330, na wa Kiswahili 165. Hizo ni shilingi 1,210, nazo hazikushuka kutoka mbinguni: wa hisabati angepoteza 220, na mwanagenzi 990. Wahenga walisema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Hapa mwanagenzi, ambaye hata mbuzi hakumla, ndiye angeyetoa zaidi ya mara nne ya deni lake ili wakubwa wake wapunguziwe la kwao. Naye asingesema neno, kwa kuwa mwalimu mkuu ndiye atakayeandika ripoti yake. Juma lifuatalo wakimwalika tena atasema ana kazi ya kusahihisha madaftari, na wenziwe watanong'ona kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kuchangamana na watu.

Kuna madhara mengine ya mgao huo, nayo huanza kabla bili haijafika. Mwaka 2004 wanauchumi Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe walichapisha jaribio walilolifanya katika hoteli moja huko Israeli, wakiwaketisha watu sita sita wasiojuana. Waliojua kwamba kila mmoja atajilipia waliagiza vyakula vya shekeli 37 kwa wastani. Waliojua kwamba bili itagawanywa sawa waliagiza vya shekeli 51. Walioambiwa kwamba watakirimiwa waliagiza vya shekeli 82. Sababu inaeleweka: katika meza ya watu sita, anayeagiza kitu cha shekeli 60 mwenyewe atalipa 10 tu, na 50 zilizobaki zinawaangukia wenziwe. Kila mmoja akiona hivyo, wote huagiza zaidi na wote hulipa zaidi. Na kundi lililoulizwa mapema lingependa utaratibu upi lilijibu, kwa watu wanane katika kila kumi, kwamba kila mtu ajilipie. Yaani watu huingia katika mgao wasioutaka, kwa kuwa hakuna anayependa kuwa wa kwanza kusema.

Yabaki mambo mawili ya kivitendo. La kwanza ni vitu vidogo vya mwisho wa namba. Mtu mwenye 2,013 hutoa 2,000. Mwenye 1,628 hutoa 1,600. Mwenye 1,078 hutoa 1,000. Mwenye 1,463 hutoa 1,400. Mwenye 308 hutoa 300. Kila mmoja anaona amepunguza kidogo, lakini jumla imeshuka hadi 6,300, na zimepungua shilingi 190. Nani amezilipa? Hoteli haikubali kupunjwa, itachukua 5,900 zake. Mhudumu ndiye atakayebaki na 400 tu badala ya 590. Upungufu wa mezani daima humwangukia asiyekuwa na kiti. Kwa hiyo kila mtu na apande hadi kumi inayofuata: 2,020, 1,630, 1,080, 1,470 na 310. Jumla ni 6,510, na zile 20 za ziada ni za mhudumu.

La pili ni malipo ya simu. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, desturi imekuwa mmoja kulipa bili yote na wenziwe kumtumia mafungu yao. Huyo amewakopesha watu wanne kwa wakati mmoja, na deni la mezani hupoa upesi kuliko nyama. Mafungu na yatumwe kabla watu hawajainuka, na kila mmoja abebe ada yake ya kutuma, ili aliyejitolea asipokee pungufu.

Je, hesabu hii ifanywe kila mara? Hapana. Ikiwa watano wote wamekula wali na maharagwe, na tofauti baina ya aliyekula zaidi na aliyekula kidogo haizidi bei ya soda moja, kugawanya sawa kunatosha, na anayetoa kalamu na karatasi atakuwa amewaudhi wenziwe bure. Kipimo changu ni kumtazama aliyekula kidogo kabisa. Ikiwa nyongeza itakayomwangukia ni kiasi ambacho angempa mwenzake papo hapo bila kufikiri, acha hesabu. Ikiwa ni shilingi 990, chukua kalamu.

Aidha, kuna meza ambazo hazina bili ya kugawana hata kidogo. Anayesema "nawaalika" amejitwika malipo. Anayesema "twendeni tukale" hakujitwika kitu. Vitenzi hivi visichanganywe, na anayeagiza sahani ya watu wote aulize kwanza nani atashiriki, maana ukimya wa mdogo mbele ya mkubwa si ridhaa. Vivyo hivyo bili si harambee. Katika harambee tunachanga, kila mmoja kwa uwezo wake. Katika bili tunalipa, kila mmoja kwa alichokula.

Na mwalimu mkuu akitaka kumkirimu mwanagenzi, mlango uko wazi. Ajue kwanza kwamba deni la kijana ni shilingi 308, kisha aseme, "Hizo niachie mimi." Hapo atakuwa ametoa hisani inayojulikana kiasi chake, na kijana atashukuru kwa jambo analolijua. Hesabu ikifichwa ndani ya neno sawa, kijana ndiye anayetoa hisani, na mkubwa anaipokea pasipo hata kusema ahsante.